Anza na bafu la juu, saini baadaye

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia nyumba ya Malindi imekwisha na kwamba kontrakta anataka akukabidhi funguo Jumamosi. Nakuomba, usitie saini kabla hujalijaribu bafu la juu, na jaribio lenyewe linataka usiku mzima. Kwa hiyo nenda Ijumaa alasiri.

Ziba tundu la maji la sakafuni kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushiwa tambara, ukikaze sana. Mimina maji mpaka yafike kina cha sentimita 2 hivi, yasipite kizingiti cha mlango. Piga mstari wa penseli ukutani pale maji yalipoishia, kisha funga mlango. Asubuhi, kwa joto letu la pwani, maji kupungua milimita chache ni kawaida. Yakipungua zaidi, hakikisha kwanza kizibo hakivuji, kisha shuka chini ukaangalie dari kwa tochi.

Nyumba moja niliyoikagua Mtangani, mstari ulikuwa umeshuka zaidi ya sentimita nzima, na dari ya jiko ilikuwa na duara la unyevu chini ya bomba la maji machafu. Vigae vilikuwa vizuri mno, ungependa kuvipiga picha. Kasoro ilikuwa pale bomba linapotoboa zege: fundi alijaza saruji kavukavu na hakupaka dawa ya kuzuia maji. Vigae vya kuzunguka tundu vilivunjwa, pakapakwa dawa, ikaachwa ikauka, maji yakajazwa tena, na vigae vipya vikawekwa baada ya dari kubaki kavu. Yote hayo kwa gharama ya kontrakta, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwa ametia saini.

Ukizibua, tazama maji yanavyokimbia. Sakafu ishuke kama sentimita 1 au 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Dimbwi likibaki pembeni, mteremko umekosewa, na hilo halitengenezwi kwa kupaka chochote juu, vigae vitang'olewa. Halafu gonga kigae kimoja kimoja kwa sarafu. Kinacholia kama kitu chenye uwazi ndani hakikushikwa vizuri chini. Kiwekee alama ya chaki.

Vyumba vya kulala havitakuchosha: fungua na funga kila mlango na dirisha, na jaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Ila nondo za madirisha zikague chini na kwenye maungio ya kuchomelea, maana rangi ikikosekana hapo, chumvi ya bahari huanza kula mapema.

Kila kasoro iandike kwa chumba chake, na tarehe ya kurekebishwa, nyote wawili mtie saini. Malipo ya mwisho yasubiri karatasi hiyo ikamilike. Akikwambia "tutarekebisha mkishahamia," mwambie utahamia akisharekebisha.

Nisalimie mama. Niandikie Jumamosi unieleze mstari umefika wapi.

Wako,
Zuhura