Dhana ya tano ilihitaji zaidi ya sentensi moja

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini ule waraka mliouchapa, wa mhadhiri kwa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, kuhusu dhana tano potofu za korelesheni, yaani kiasi ambacho vipimo viwili huenda pamoja, na rigresheni, yaani mstari wa kukadiria kimoja kutokana na kingine, umenishinda kuunyamazia. Waraka hauna uongo. Dhana nne za kwanza zimepewa nafasi yake: kwamba korelesheni ni sababu, kwamba korelesheni ya sifuri maana yake hakuna uhusiano wowote, kwamba r kubwa, yaani namba ya korelesheni, ni mteremko mkali, na kwamba r ikiwa kubwa huna haja ya kuchora grafu. Ya tano, kwamba mlinganyo wa rigresheni unaweza kugeuzwa ukasomwa kinyume, imeambulia sentensi moja: msiugeuze. Kwa nini? Haikusemwa. Mwanafunzi aliyetumia miaka yote ya sekondari akihamisha namba kutoka upande mmoja wa alama ya sawasawa kwenda mwingine, ukimkataza bila kumpa sababu, ataugeuza tu.

Chukua wanafunzi wa darasa moja, alama zao za mtihani wa majaribio na za mtihani wa mwisho. Tuseme mitihani yote miwili ina wastani wa 50, mtawanyiko wake ni sawa (mchepuko sanifu wa 10), na korelesheni kati yake ni 0.6. Mstari wa kukadiria mtihani wa mwisho kutokana na wa majaribio utakuwa y = 20 + 0.6x. Aliyepata 30 kwenye majaribio anakadiriwa 38. Sasa uliza swali la kinyume: aliyepata 30 kwenye mtihani wa mwisho, alipata ngapi kwenye majaribio? Anayegeuza mlinganyo anatoa 20 kwenye 30, anagawanya kwa 0.6, anapata karibu 17. Jibu sahihi ni 38.

Tofauti ya alama 21 haitokani na hesabu mbovu. Mstari ule wa kwanza ulipatikana kwa kupunguza makosa ya y pekee, yaani umbali wa wima kutoka kila nukta hadi kwenye mstari. Makosa ya x hayakuhesabiwa kabisa. Ukitaka kukadiria x, lazima upunguze umbali wa mlalo, na huo ni mstari mwingine: x = 20 + 0.6y. Mistari hiyo miwili inakatana kwenye wastani, pale 50 kwa 50, kisha inaachana. Ukizidisha miteremko yake unapata r ya kipeo cha pili, hapa 0.36. Mistari hulaliana ikawa mmoja pale tu r inapokuwa 1 au -1, hali ambayo mitihani ya watu kwa kawaida haiifikii.

Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona hili mwaka 1886, alipopanga urefu wa watoto 928 waliokwisha kukua dhidi ya urefu wa wazazi wao, akiwa amezidisha urefu wa kila mwanamke kwa 1.08 ili ulingane na wa wanaume. Kutoka kwa wastani wa wazazi wawili kwenda kwa mtoto mteremko ulikuwa theluthi mbili. Kutoka kwa mtoto kurudi kwa wazazi haukuwa moja na nusu, kama aljebra ingetaka. Ulikuwa theluthi moja. Kwa hiyo wazazi warefu sana huwa na watoto ambao kwa wastani ni wafupi kuliko wao, na watoto warefu sana nao huwa na wazazi wafupi kuliko wao. Neno rigresheni lenyewe limetoka hapo.

Kwenye kompyuta kosa hili linajificha vizuri. Katika Ekseli amri ya CORREL haijali safu ipi imetangulia, jibu ni lile lile. SLOPE inajali, na inataka y kwanza, kisha x. Kama majaribio yapo safu ya A na mtihani wa mwisho safu ya B:

```
=SLOPE(B2:B41,A2:A41)
=SLOPE(A2:A41,B2:B41)
```

Ya kwanza inakadiria mtihani wa mwisho, ya pili inakadiria majaribio. Mitawanyiko ikikaribiana, majibu nayo yatakaribiana, na aliyekosea hatashtuka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapohamia kwenye kurasa zenu za elimu, Mhariri, zinaposifu wanafunzi "waliopanda", maana ni ugonjwa ule ule. Nilikaa kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ambapo tuliambiwa kwamba wanafunzi walioshika mkia kwenye majaribio waliwekwa kambi ya wiki kadhaa, wakapanda, na kwa hiyo kila mzazi achangie kambi ya mwaka unaofuata. Watu walipiga makofi, wakatoa pesa. Rudi kwenye namba zetu: kundi lililopata wastani wa 30 lingefika 38 bila kambi yoyote. Aliyeshika mkia siku ile ni pamoja na yule aliyeumwa, yule aliyekutana na maswali asiyoyasoma, yule aliyebahatisha vibaya. Bahati mbaya ya siku moja hairudi yote siku ya pili. Vivyo hivyo waliopata 70, wakasifiwa, watashuka hadi 62 kwa wastani, nao wanaitwa na kuchapwa kwa uzembe, na walimu wanaondoka wakiamini kwamba kambi inainua na sifa zinaharibu. Ushahidi kwamba si kambi iliyofanya kazi hiyo umo kwenye mstari ule wa pili: waliopata 30 kwenye mtihani wa mwisho walikuwa na wastani wa 38 kwenye majaribio. Mrejeo huu kuelekea wastani unakwenda mbele na nyuma kwa kiasi kile kile, na kambi haiwezi kupandisha alama za mtihani uliofanyika kabla yake. Wala darasa halibanwi katikati mwaka hadi mwaka. Mtawanyiko unabaki 10, kwa sababu wengine wanachukua nafasi zile za pembeni.

Sisemi kambi haina faida. Nasema faida yake haipimwi kwa kutoa 30 kwenye alama za baadaye. Kama waliokwenda kambini walifika 43, cha kuhesabia kambi ni zile 5 zilizozidi 38, siyo 13, na hata hizo ni iwapo tu mtihani wa mwaka huu una uzito ule ule wa mwaka uliochorewa mstari. Njia safi zaidi ni kura: wachukue wanafunzi 40 wa chini, karatasi ndani ya ndoo, 20 waende, 20 wabaki, kisha walinganishe wastani wa makundi hayo mawili kwenye mtihani wa mwisho.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Habari yoyote ya shule au wanafunzi "waliopanda" isichapwe hadi mwandishi awe ameuliza kama walichaguliwa kwa sababu walikuwa chini, na awe na matokeo yao ya miaka mitatu, siyo miwili. Na waraka wa mhadhiri uchapwe tena, nusu ukurasa, dhana ya tano peke yake, pamoja na grafu ya nukta yenye mistari yote miwili, mmoja mzito na mwingine wa vikato, na chini ya kila mmoja yaandikwe maneno ya wazi: huu unakadiria nini kutokana na nini.

Mwalimu wa takwimu,
Morogoro