Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Katanga ya Juu: tumbako ya mdomoni haiko kwenye fishi

Lubumbashi, komine ya Katuba

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni daktari wa meno, natibia watu wa Katuba na wa komine za jirani. Nakuandikia kwa sababu ya swali moja ambalo infirmye wetu huuliza wanapojaza fishi: "Unavuta sigara?" Mama wa miaka 60 anayeuza makala sokoni atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Yeye havuti. Anachota tumbako ya unga kwa vidole viwili, anashusha mdomo wa chini, anaipachika kati ya mdomo na ufizi, kisha anaendelea na kazi yake. Itakaa humo mpaka ladha iishe, halafu ataweka nyingine. Kwenye fishi panaandikwa "tumbako: hapana", na hakuna atakayemwangalia kinywani.

Wanaonijia na tabia hii wengi ni wanawake. Mwanamke mwenye sigara mkononi atasemwa katye nzima, lakini unga uliofichwa nyuma ya mdomo hauna moshi wala mtu wa kuuona. Wengine huniambia walianza kwa ajili ya jino lililokuwa linauma: nikotini iliwatuliza, jino likang'olewa, tumbako ikabaki.

Watu wengi, hata wenzetu wa afya, hudhani hatari ya tumbako iko kwenye moshi tu. Jani lenyewe, linapokaushwa na kuvundikwa, hutengeneza sumu ziitwazo nitrosamini, na kati yake mbili, NNN na NNK, zinajulikana kuwa zinaleta kansa. Ukichanganya majivu au magadi ili tumbako "ipande" haraka, nikotini huingia mwilini upesi zaidi na nyama ya kinywa inachubuka. Sudan wana tumbako ya aina hiyo, tombak, inayochanganywa na magadi. Nitrosamini zake ni nyingi mno, na kansa ya kinywa huko imeonekana palepale watu wanapoiweka. Tangu mwaka 2004, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameiweka tumbako isiyo na moshi katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta kansa kwa binadamu.

Niruhusu nieleze mgonjwa mmoja, maana kinywa chake kilionyesha karibu kila kitu ninachotaka ujue.

Mama huyo aliweka tumbako upande wa kushoto kwa miaka mingi. Ngozi ya ndani ya mdomo ikawa nyeupe, yenye mikunjo, na ufizi wa meno mawili ya mbele ukashuka mpaka mizizi ikaonekana. Hakuumwa. Alipokwenda kwenye kituo kimoja cha afya alipewa amoksisilini, baadaye dawa ya viole, kwa kudhani ni utando wa kuvu. Kwa kuwa pale kushoto palianza kumwasha, alihamishia tumbako upande wa kulia. Wagonjwa wengi hufanya hivyo, na huwa hawasemi mpaka uwaulize. Aliponifikia, alikuwa na alama mbili.

Nilichukua gozi kavu nikafuta. Utando wa kuvu hufutika na kuacha wekundu, lakini alama zake zote mbili hazikutoka. Ile ya kulia ilikuwa nyeupe tupu, laini kwa kidole, bila kidonda. Ile ya kushoto ilikuwa na sehemu nyekundu katikati ya weupe, ukingo wake ulikuwa mgumu kama gome, na jino la hapo lilicheza ingawa mengine yote yalikuwa imara. Mgonjwa huogopa weupe kwa sababu ndio anaouona kwenye kioo. Mimi huogopa zaidi wekundu na ugumu.

Alama ya kushoto sikuingoja. Nilikata kipande siku ileile, ukingoni, ili kiwe na nyama mbovu na nyama nzima pamoja. Kipande kinachotoka katikati ya kidonda mara nyingi ni nyama iliyokufa, na maabara haiwezi kukisoma. Kwa upande wa kulia nilimwomba aache tumbako kabisa na arudi baada ya wiki 2. Aliporudi, weupe wa kulia ulikuwa umefifia, na ndani ya wiki chache zaidi ukaisha wote. Jibu la kushoto lilisema kansa, na ilikwisha kufika kwenye mfupa wa taya. Alipasuliwa na kupoteza sehemu ya taya. Mionzi wangeitafuta kwa kuvuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, na familia haikuweza.

Ufizi ulioshuka haukupanda tena, wala haupandi kwa mtu yeyote hata akiacha. Lakini alama ile ya kulia ilipona bila dawa yoyote. Pengine hata ya kushoto ilipita katika hali kama hiyo, wakati alipokuwa anapakwa viole.

Mheshimiwa, najua nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbako mwaka 2005, na kifungu cha 1 kinahesabu pia tumbako ya kufyonza, kutafuna na kunusa. Onyo kwenye pakiti linatakiwa lisipungue asilimia 30 ya uso wake. Ila unga wa sokoni unafungwa katika kipande cha nailoni kisicho na uso wa kuandikwa kitu, kwa hiyo siombi maonyo kwanza. Siombi pia vita na wauzaji wa makasu, zile kola za kutafuna. Makasu yana kafeini, si popoo ile inayotafunwa na tambuu huko India na kwa ndugu zetu wa pwani. Popoo inaleta kansa hata bila tumbako, na hukaza mashavu mpaka vidole vitatu visiingie kinywani. Sashe zake zikikamatwa mpakani, hilo ni jambo la kushughulikia kwa haraka, lakini tusiyachanganye.

Ninachoomba ni kwamba fishi ya zoni za afya za jimbo ibadilishwe iulize: "Unaweka, unatafuna au unanusa tumbako? Upande gani?" Anayejibu ndiyo aangaliwe kwa tochi, mdomo ushushwe, mashavu yavutwe, ulimi uinuliwe, alama ifutwe kwa gozi na kubonyezwa kwa kidole kilichovaa glavu. Haifiki dakika 3. Alama nyeupe laini ipewe wiki 2 bila tumbako. Kama haipungui, au kama tangu mwanzo ina wekundu, ugumu, kidonda cha zaidi ya wiki 2, au jino linalocheza peke yake, mgonjwa atumwe akatwe kipande, asipewe antibiotiki nyingine.

Halafu kuna chupa. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, iliyo nyingi angalau mara 10 kuliko kipande chenyewe. Nimepokea vipande vilivyokauka kwenye gozi na vingine vilivyokaa kwenye seramu, na mgonjwa akalazimika kukatwa tena. Chupa zilizojazwa tayari zinaweza kukaa kwenye ofisi ya kila zoni. Gharama ya kusoma kipande ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani. Naomba jimbo liibebe kwa wanaotumwa kutoka vituo vya afya, hata kama ni kwa komine chache za kuanzia.

Fishi niliyoirekebisha, ukurasa mmoja, imeambatanishwa. Naweza kuja ofisini kwako siku yoyote isipokuwa Jumatano, siku ninayong'oa meno.

Kwa heshima,
Daktari wa meno, Katuba