Taka zikitoweka korongoni, tuulize zimekwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu majalala haramu ya jiji letu la Mwanza, hasa yale yaliyo juu ya makorongo yanayomwaga maji Mto Mirongo. Kila tukifanya usafi tunahesabu tripu zilizobebwa. Hatuandiki popote taka zilirudi lini, wala zilirudi hatua ngapi kutoka pale tulipozoa. Ndiyo maana lundo lilelile tunalizoa kila mwaka.

Nasema hivyo kwa sababu tangu mwezi wa sita mwaka jana, sisi wanne tumekuwa tukipima korongo moja linaloshuka huku kwetu Mabatini. Mimi nilikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Wapo vijana wawili wenye simu janja, na yupo mama mmoja anayezoa taka kwa mkokoteni, ambaye hakuna kichochoro asichokijua.

Tulianza vibaya. Tuliwaomba majirani watutumie picha za malundo kwa WhatsApp, tukidhani kila picha inakuja na mahali ilipopigwa. Haiji. Hata kama kamera ya simu imeandika mahali ndani ya picha, WhatsApp huyafuta maandishi hayo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Yanabaki tu ikitumwa kama faili. Tulijikuta na picha nyingi za taka tusizojua ziko wapi. Wengine walituandikia kwa mkono namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, na mmoja akasahau alama ya kutoa mwanzoni. Mwanza iko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza huanza na -2.5. Ukiiacha ile alama, lundo lako linahamia kaskazini mwa Uganda, si mbali na Lira. Mwingine alikata tarakimu akabakiza mbili tu baada ya nukta, na mbili haziwezi kutofautisha mahali na mahali pengine palipo umbali wa kilomita moja. Ukitaka kulifikia lundo lenyewe, bakiza tano.

Tukahamia KoboCollect. Ni programu ya bure, hujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye, na inapochukua mahali huonyesha kosa linaweza kuwa mita ngapi. Hapo ndipo panapotaka subira. Kwenye uwazi, simu ya kawaida hufika mita 4 au 5 baada ya dakika moja hivi. Lakini mtaa wetu, kama mitaa mingi ya Mwanza, umekaa katikati ya mawe makubwa, na mawimbi ya setilaiti yakigonga jiwe kabla ya kuifikia simu, kosa hupanda hadi mita 15 au 20. Tulikubaliana kwamba hakuna kubonyeza kabla namba haijashuka hadi 5. Ikikataa kushuka, sogea hadi penye uwazi, chukua hapo, kisha andika ni hatua ngapi kutoka hapo hadi kwenye lundo, na ni upande gani.

Mwisho wa mwezi wa saba tulikuwa na taarifa 23. Tulipozifuata kwa miguu tukakuta malundo 9. Watu watatu wanaosimama mbele ya lundo moja, kila mmoja na kosa lake la mita kadhaa, huleta nukta tatu, na asiyefika pale ataamini ni majalala matatu. Tangu hapo nukta zilizo ndani ya mita 15 tunazihesabu kuwa lundo moja mpaka picha ionyeshe vingine. Kila mahali pana namba yake ya kudumu, na namba hiyo tumeipaka kwa rangi kwenye jiwe la karibu. Lundo linaweza kuondoka, ila jiwe halitoki.

Nieleze moja tu, la nne kutoka juu, tunaloliita K4. Lilikuwa na urefu wa mita 12, upana wa mita 6, na kimo cha mita 1.5 pale lilipoinuka zaidi. Lundo la namna hiyo lina mgongo katikati na limelala kila upande, kwa hiyo ujazo wake ni kama nusu ya boksi lenye vipimo hivyo, yaani mita za ujazo 54. Tipa tuliloahidiwa lilikuwa la mita za ujazo 6. Kwa hesabu hiyo tulipanga tripu 9. Zilikwenda 12. Taka za chini zilikuwa zimeshindiliwa na mvua za masika pamoja na udongo, na zilipochimbwa zikavimba. Leo, lundo likiwa limepitiwa na masika, naongeza theluthi moja kabla sijamwita mwenye gari, maana kila tripu ambayo haikupangwa ni pesa ya mafuta ambayo hakuna mtu ameichangia.

Sasa setilaiti, maana najua wapo wanaoamini kwamba picha za angani zitafanya kazi yote. Picha za bure za Sentinel-2 hupigwa kila baada ya siku chache, na huku kwetu hupita kwenye saa tano asubuhi. Lakini kila pikseli yake ni mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. K4 nzima ilikuwa na mita za mraba 72. Taka, majani na mwamba vyote vinachanganywa kuwa rangi moja ya doa moja, na siku za mawingu hata hilo doa hulioni. Dampo kubwa la jiji utaliona. Jalala la mtaa hutaliona.

Zilizotusaidia ni picha za zamani zilizomo ndani ya Google Earth Pro. Hizo ni kali kiasi cha kuonyesha paa la choo, ingawa tarehe zake zimeachana sana, na hupigwi picha siku unayoitaka. Picha za tarehe mbili hazilali sawasawa pia, hasa kwenye mteremko, zinapishana mita kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kusema lundo limehama, tunaangalia kwanza kama lile jiwe kubwa lililo karibu nalo limehama vilevile. Likiwa limehama, basi kilichosogea ni picha.

Tulipozipanga picha hizo kwa mwaka, K4 ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena, na kila mara ilikuwa kwenye kona ileile ambapo barabara inabanwa na mawe na gari la taka haliwezi kupanda zaidi. Yule mama alitueleza maana yake bila kuangalia kompyuta. Kaya zilizo juu ya kona hubeba viroba kichwani alfajiri. Gari hupita wakiwa wamekwisha kwenda kazini, na pale chini hakuna kizimba. Wanaacha taka mahali pa kwanza palipo tambarare. Faini haitalipandisha gari juu ya kona ile.

Lazima niseme pia jinsi picha zinavyodanganya, kwa sababu kijana wetu mmoja alirudi na orodha ya madoa meupe saba kutoka mialo ya Ilemela, akiamini ni taka za plastiki ufukweni. Mama akamwambia aangalie tena tarehe za picha, kisha aangalie mwezi ulikuwaje. Madoa matano yalikuwepo siku za giza na hayakuwepo mwezi ukiwa mpevu. Ni dagaa walioanikwa. Wavuvi huwavua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Doa la sita lilikuwa mwamba mtupu, na la saba ndilo lilikuwa jalala. Kama tungetuma tipa kwa kufuata ramani ile, lingekwenda mara sita bure.

Tulizoa K4 mwishoni mwa mwezi wa nane, ili pawe safi kabla ya vuli. Tulipanga kurudi siku ya 7, ya 14 na ya 28, na baada ya hapo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu wanatoka kufanya usafi. Siku ya 7 palikuwa peupe. Siku ya 14 palikuwa peupe. Kijana akaandika "safi" na kupiga picha ya jiwe lenye namba. Siku ya 19, nikipita kwa shughuli zangu, nikaona viroba na pampasi nyuma ya mwamba, mita 35 chini ya jiwe letu, mahali ambapo mtu anayesimama kwenye K4 hawezi kuona. Kwenye karatasi tulikuwa tumeshinda. Tangu siku hiyo hatuendi tena kukagua nukta. Tunatembea korongo lote kuanzia K3 mpaka K5, simu ikichora njia tuliyopita, ili ijulikane pia wapi hatukufika.

Kufikia katikati ya mwezi wa kumi lundo lile jipya lilikuwa na mita za ujazo 9 hivi. Usiku ikanyesha mvua kubwa ya kwanza. Asubuhi tukakuta hakuna kitu, korongo limeoshwa hadi kwenye mwamba. Picha yoyote ya siku ile, ya simu au ya setilaiti, ingeonyesha mahali palipozolewa vizuri. Taka zote zilikuwa zimeshuka Mirongo, na nyingine zilikwisha ingia ziwani, ambako tunachota maji na kuvua samaki. Nilisimama pale nikaona kwamba orodha yetu yote ilikuwa na kasoro, kwa sababu neno "safi" lilikuwa linabeba mambo ambayo hayafanani hata kidogo.

Tukaongeza safu mbili. Ya kwanza ni tarehe taka ziliporudi na umbali kutoka kwenye jiwe. Ya pili ni namna lundo lilivyoondoka: limezolewa, limechomwa, au limechukuliwa na maji. Kuchomwa hujulikana kwa udongo mweusi na waya zilizobaki. Kuchukuliwa na maji hujulikana kwa viroba vilivyonasa kwenye mizizi na mawe upande wa chini, na tarehe inayofuata mvua. Tulipeleka orodha hiyo kwenye ofisi inayohusika. Walichukua idadi ya tripu, wakaturudishia karatasi nyingine zote.

Nakuomba, Mhariri, uchapishe ombi letu kwa wote wenye mamlaka juu ya usafi wa jiji. Fomu za kata ziwe na safu hizo mbili. Na pale kwenye kona ya K4, ambapo vipimo na picha za miaka vyote vinaonyesha tatizo ni gari kushindwa kupanda, pawekwe kizimba kabla ya masika kuanza mwezi wa tatu. Nafasi tumeipima: mita 4 kwa 3, juu ya mwamba, mbali na njia ya maji. Wakazi wa juu tumezungumza nao na wamekubali kushusha taka hadi hapo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tutakuwa tunashuka korongo tena kuanzia K3, saa moja asubuhi. Afisa yeyote anayetaka kuona mwenyewe atatukuta hapo.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza