Kwa nini nywele huzungukwa na ukungu mweupe picha ikihamishiwa kwenye rangi nzito

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kuhusu picha za watu zilizoondolewa mandharinyuma ni haya: "Nilipoifungua ilikuwa safi kabisa, lakini nilipoiweka kwenye bango la bluu, nywele zikazungukwa na ukungu mweupe." Mteja hudhani faili limeharibika njiani. Faili ni zima. Ukungu ulikuwapo tangu mwanzo, ila ukurasa mweupe ulikuwa unauficha.

Chanzo chake kiko kwenye pikseli za ukingoni. Unywele mmoja mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja ya picha, kwa hiyo kamera haiwezi kuurekodi peke yake. Inachukua mwanga wa unywele na mwanga wa ukuta ulio nyuma yake, inavichanganya, kisha inaandika rangi moja. Tuseme unywele mweusi una thamani ya 30 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na ukuta mweupe una 240. Pikseli ambayo nusu yake ni unywele na nusu ni ukuta itaandikwa takriban 135, yaani kijivu. Kijivu hicho hakipo kichwani mwa mtu wala ukutani. Kimezaliwa na mchanganyiko, na ndicho kinachohama pamoja na mtu unapomkata.

Kwa hiyo kukata mtu ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuamua kila pikseli ionekane kwa kiasi gani. Ya pili ni kuisafisha ile rangi ya ukuta iliyobaki ndani ya pikseli za ukingoni. Wengi hufanya ya kwanza vizuri na hawajui kwamba ya pili ipo.

Tuchukue picha moja ya aina tunayoletewa sana: dada mwenye nywele za afro zilizoachiwa, amevaa koti la kijivu, amesimama mbele ya ukuta mweupe, na picha inatakiwa kwenye bango la bluu iliyokolea. Tunaifanyia kazi kwa Photoshop, ingawa GIMP nayo ina leya, maski na chaneli, na mantiki ni ileile.

Hatutumii `Eraser Tool`. Raba inafuta pikseli moja kwa moja. Ukila kipande cha sikio na ukaja kugundua baada ya kuhifadhi na kufunga faili, hakirudi. Maski ya leya haifuti chochote. Ni picha ya pili ya kijivu iliyoambatishwa kwenye leya: palipo peupe mtu anaonekana, palipo peusi anafichwa, na kijivu kinamwonyesha kwa sehemu. Ukikosea unapaka nyeupe, na sikio linarudi. Hicho kijivu ndicho kinachotufanya tuithamini maski, kwa sababu unywele uliojaza nusu ya pikseli unahitaji kuonekana nusu, na mkasi wa ndiyo au hapana hauwezi kulifanya hilo.

Mwili tunauchagua kwanza, na uteuzi wake tunauhifadhi kwa matumizi ya baadaye. Kwa koti, mabega na mikono, `Quick Selection Tool` inatosha pale ambapo nguo na ukuta vinatofautiana. Sehemu inayosahauliwa ni ile pembetatu ndogo kati ya mkono na kiuno mtu anaposhika nyonga; ukuta hubaki humo, na kwenye ukurasa mweupe hakuna anayeuona. Tunaitoa kwa kushikilia `Alt` huku tukipita na brashi ileile. Kama mtu angevaa shati jeupe mbele ya ukuta huu mweupe, chombo hicho kingepotea njia, na hapo tungechora mstari kwa mkono kwa `Pen Tool`, nukta baada ya nukta, kisha kuugeuza kuwa uteuzi kwa `Ctrl+Enter`. Ni kazi ya polepole na bado haijapata mbadala wa kuaminika.

Nywele zinataka njia nyingine. Hakuna mkono unaoweza kuzunguka kila kikunjo cha afro, na hakuna haja, kwa sababu picha yenyewe imeshaichora tofauti ya nywele na ukuta. Tunafungua paneli ya `Channels` na kutazama chaneli tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu, moja moja. Kwa nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe, `Blue` mara nyingi ndiyo yenye tofauti kali zaidi. Tunainakili, kwani kuigusa chaneli yenyewe kungebadilisha rangi za picha, halafu tunageuza nakala kwa `Ctrl+I`. Sasa nywele ni nyeupe na ukuta ni mweusi, karibu kabisa na maski tunayoitaka.

Karibu, lakini bado. Ukuta haukuwa mweupe kamili, kwa hiyo baada ya kugeuzwa unasoma pengine 15 au 20 badala ya 0, na ukiuacha hivyo utabaki kama vumbi hafifu kuzunguka kichwa. Tunafungua `Levels` kwa `Ctrl+L`, tunasogeza kitelezi cheusi hadi karibu 40 na cheupe hadi karibu 200. Vumbi linazama kuwa nyeusi kamili, kiini cha nywele kinakuwa nyeupe kamili, na katikati zinabaki ngazi za kijivu. Namba hizi hubadilika kwa kila picha. Kipimo ni macho: ukivisogeza vitelezi vikakaribiana mno, nywele za pembeni zinakatika vipande vipande na kichwa kinaanza kuonekana kimevaa kofia. Hapo rudi nyuma. Afadhali vumbi kidogo utakalolipaka nyeusi kwa brashi kuliko nywele zilizokatika.

Uso na koti havikuwa vyeusi kama nywele, kwa hiyo kwenye nakala ya chaneli vina mabaka ya kijivu. Tunapakia uteuzi wa mwili tuliouhifadhi na kuujaza nyeupe, kisha kwa brashi tunaziba mashimo yaliyosalia ndani ya uso, kwenye meno na weupe wa macho hasa. Halafu tunashikilia `Ctrl` na kubofya kijipicha cha chaneli hiyo ili kuipakia kama uteuzi, tunarudi kwenye leya ya picha na kubofya `Add layer mask`. Miraba ya kijivu na nyeupe inatokea nyuma ya dada yetu: mandharinyuma ni wazi.

Wengine huishia hapa na kutuma. Sisi tunaweka kwanza leya ya rangi moja chini ya picha, na tunachagua rangi ya bango lenyewe, kwani miraba ya kijivu haimkamati mwizi. Juu ya bluu, ukungu unajitokeza mara moja. Turudi kwenye pikseli yetu ya 135. Maski inaionyesha nusu, na chini yake kuna bluu yenye mng'ao wa, tuseme, 40. Nusu ya 135 na nusu ya 40 inakaribia 88. Laiti pikseli ingebeba rangi halisi ya unywele, 30, jibu lingekuwa 35. Hiyo tofauti ya 35 na 88 ndiyo mteja anayoiita ukungu.

Njia ya haraka ni kubana maski ili pikseli hizo zifichwe. Kwa ukingo wa koti ni sawa, pikseli 1 haitamkosesha mtu usingizi. Kwa nywele ni dhambi, maana unatupa zilezile nyuzi nyembamba ulizohangaika kuziokoa. Tunachofanya ni kutengeneza leya mpya juu ya picha, kuifunga kwenye leya ya mtu kwa `Alt+Ctrl+G`, na kuiwekea modi ya `Darken`. Tunachukua sampuli ya rangi kutoka ndani ya nywele, sentimita chache tu kutoka ukingoni ukitazama kwenye skrini, na kupaka kwa brashi laini kwenye utepe wa nje wa nywele. `Darken` inagusa zile tu zilizo na mwanga kuliko rangi ya brashi, kwa hiyo vivuli vya ndani vinabaki. Maski haijaguswa, unywele bado unaonekana nusu, ila sasa ni nusu ya rangi yake mwenyewe. Usiingie ndani sana, ukifuta mng'ao wa taa juu ya kichwa nywele zitakuwa kama zimepakwa masizi.

Ndani ya `Select and Mask` kuna kisanduku cha `Decontaminate Colors` kinachojaribu kazi hiyohiyo chenyewe. Kinasaidia kwa nywele zilizonyooka. Kwa zilizojikunja tumekiona kikivuta rangi ya ngozi ya shingo hadi kwenye nywele za kisogoni, ndiyo maana tunapendelea mkono. Ukikitumia, kinabadilisha pikseli zenyewe, kwa hiyo matokeo yake hutoka kwenye leya mpya. Leya ya zamani isifutwe.

Kuna ukingo ambao haupaswi kuwa mkali. Bega lililo nyuma kidogo ya macho mara nyingi limetoka nje ya fokasi, na maski kali juu ya bega lenye ukungu huonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Pale tu tunalainisha maski kwa pikseli 2 au 3, huku mashavu na miwani vikibaki na ukali wake. Kulainisha maski yote kwa kiasi kimoja ni uvivu, na unaonekana.

Miwani, kwa njia, ina mpaka wake. Kupitia kioo kwenye ukingo wa fremu unaweza kuona kipande cha ukuta wa zamani. Tunaweza kukififisha kwa kijivu cha maski, lakini mwakisi wa dirisha uliokaa juu ya lenzi hautaendana na bango bila kuchorwa upya, na hiyo ni kazi nyingine ambayo tutakueleza kabla ya kuanza.

Mwishoni tunahifadhi faili la kazi lenye leya zake, na la kukabidhi tunalitoa kama PNG. JPEG haina mahali pa kuhifadhi uwazi. Ukilihifadhi humo, sehemu zilizo wazi hujazwa rangi, kwa kawaida nyeupe. Vivyo hivyo ukiituma PNG kama picha kwenye programu ya ujumbe, mara nyingi hugeuzwa kuwa JPEG, kwa hiyo itume kama hati. Nasi tunaomba picha yako kwa njia hiyohiyo. Picha iliyobanwa mara mbili tatu huwa na rangi zilizomwagika kuzunguka nywele, na chaneli iliyotakiwa kutuonyesha nyuzi huonyesha vijumba vya mraba. Pamoja na picha, tuandikie itakaa juu ya rangi gani. Kama itatumika juu ya nyeupe na juu ya nyeusi pia, sema mapema, maana tutaijaribu juu ya zote mbili kabla ya kuikabidhi.