Mdogo wangu aliniambia hesabu sijui

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku, Moshi hapa, sijafumba jicho. Tangu tulivyokwenda nyumbani Krismasi nasikia sauti ile ile ya mdogo wangu: "Dada, wewe hesabu hujui." Mbele ya mawifi wote.

Mimi si mfujaji. Mkononi napata 1,200,000 kwa mwezi, natumia 900,000, na 300,000 naweka. Nina miaka 33. Nataka baada ya miaka 20 nisimuombe mtu kazi. Nilitafuta fungu la mara 25 ya matumizi ya mwaka, lile wanalosema linatosha kuishi bila kazi, yaani milioni 270, nikapiga riba ya asilimia 10, nikapata miaka 22 na kitu. Nikasema hiyo miwili mitatu nitaipunguza njiani.

Yeye akachukua bahasha ya sadaka, mafuta ya mbuzi yanamchuruzika vidoleni, akaandika nyuma yake. Kwamba bei nazo zinapanda, tuseme asilimia 5, kwa hiyo pesa yangu inakua kwa 5 tu. Kwa kuweka robo ya kipato, ni miaka 32. Nitakuwa na 65, na wanaostaafu kawaida wameshaondoka kazini kwa 60! Wakacheka. Hesabu sijui.

Nimeirudia usiku huu na kikokotoo. Amepatia, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa miaka 20 inabidi niweke asilimia 43, yaani 516,000, niishi kwa 684,000. Ukibana matumizi unashika mara mbili: unaweka zaidi, na lile fungu lenyewe linashuka mpaka kama milioni 205. Hilo hakuliandika kwenye bahasha yake, bwana hesabu.

Sasa nipunguze 216,000 wapi? Kodi sigusi, ada sigusi. Kilichobaki kikubwa ni 150,000 ninayomtumia Mama kila mwezi. Huyo anayejua hesabu hatumi hata mia. Sitaki mchango wake, nisieleweke vibaya. Lakini kwa nini hatumi?

Halafu hiyo mara 25 yenyewe wameipata kwenye masoko ya Marekani, kwa mstaafu wa miaka 30 tu. Mimi nikiacha na 53, bibi yetu alifika 91. Pengine hata 205 haitoshi.

Kitu kimoja nimekigundua nikashindwa kulala. Ya Mama nimeizidisha mara 25 kama yangu, kwa hiyo milioni 45 za lile fungu ni zake. Mama ana 74. Mwenye kujua hesabu atasema itoe, hutamtumia miaka yote hiyo. Nimeifuta mara mbili kwenye karatasi, nikairudisha. Naona kama namhesabia siku zake.

Shangazi, niiache humo au niitoe? Na mdogo wangu nimwambie alikuwa sahihi, au nikae kimya mpaka Pasaka?

Dada mkubwa, Moshi