Picha ya masika kuifanya ya kiangazi: kijani cha nyasi hukaa kwenye manjano

Bi mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Marafa alitujia studio na picha 12 za kipeperushi chake. Saba zilipigwa Februari, wakati wa kaskazi, nyasi zote zimekauka. Tano zilipigwa Juni, masika imetoka kuinyeshea Magarini na kila mahali kumechanua. Zikiwekwa ukurasa mmoja, mtu angeapa ni nchi mbili. Wageni wake wengi huja Januari na Februari, na hakutaka wafike wakute vumbi huku karatasi imewaahidi bustani. Alitaka zile tano zifanane na saba.

Alikuwa tayari ameshampa fundi mwingine. Tulipofungua kazi ile, nyasi zilikuwa rangi ya kutu, minazi imekuwa manjano, na uso wa mpishi wake umewiva kama aliyeungua jua. "Mwanangu, mnazi umekauka lini mimi nisijue?" akaniuliza. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Kwetu Malindi kiangazi hakikaushi kila kitu. Nyasi hukauka kwanza, vichaka hupauka, mgunga hupungua majani, lakini mnazi, mwembe, mkilifi na mikoko hubaki kijani mwaka mzima. Kijani chao hufifia kidogo kwa vumbi, basi. Anayetaka kiangazi kiaminike lazima aache baadhi ya miti ilivyo, na hapo ndipo kazi ilipo.

Tulianza na picha ya ua, yenye nyasi mbele, minazi nyuma, na mpishi amesimama katikati amejifunga kanga ya kijani. Kabla ya kugusa chochote tulipima. Kwenye Photoshop, ukichukua Eyedropper na kufungua Info kwa hesabu ya HSB, herufi H inakuonyesha rangi ilipo kwenye duara la digrii 360: nyekundu ni 0, manjano ni 60, kijani ni 120. Nyasi za Juni zilizopigwa jua zilisoma 73. Tazama nambari hiyo vizuri. Jicho linasema kijani, lakini 73 iko karibu zaidi na manjano. Ndiyo maana mtu akifungua Hue/Saturation, dirisha la kugeuza rangi na ukolevu wake, akachagua kundi la Greens na kuvuta, nyasi hazisogei sana, naye huzidi kuvuta mpaka vitu vingine viharibike. Nyasi nyingi hukaa ndani ya Yellows.

Kisha tukapima nyasi za picha ya Februari. Zilisoma 41, na S, yaani ukolevu wa rangi, ilikuwa 40 mahali ambapo za Juni zilikuwa 64. Zilikuwa pia nyeupe zaidi, maana nyasi kavu hurudisha mwanga mwingi kuliko mbichi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi: kushusha Hue kwa 32, kupunguza ukolevu, kuongeza mwanga.

Ukifanya hivyo kwa leya moja, yaani tabaka moja la marekebisho juu ya picha nzima, utapata ile kutu ya fundi wa kwanza. Sababu ni kwamba uani hakuna jani linalofanana na jingine. Nyasi zilizokuwa zimeanza kugeuka zilisoma 50. Toa 32, unapata 18, na hiyo ni rangi ya matofali. Nyasi za kivulini nazo zilisoma 90 na zaidi, zikashikwa nusunusu tu na Yellows au zisishikwe kabisa, zikang'ang'ania kijani chini ya kila kichaka. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta nikiletewa kazi ya mtu: mwangani kiangazi, kivulini masika.

Tukaweka leya mbili. Ya chini ilishika manjano tu na kushushwa kwa 10. Ya juu ilishika kijani chenye manjano, kuanzia 65 hadi 95, ikififia taratibu kila upande, na hiyo ndiyo iliyoshushwa kwa 32. Mpangilio una maana yake, kwani leya ya manjano ikiwekwa juu itazishika tena nyasi ambazo leya ya kijani imeshazigeuza. Mipaka ya digrii unaivuta kwenye ule mstari wa rangi ulio chini ya dirisha la Hue/Saturation. Photoshop huanza Yellows kwa kufifia kutoka digrii 15, na ngozi ya mtu pamoja na udongo mwekundu wa huku kwetu hukaa karibu na 20 na 25. Usipousogeza mpaka huo wa kushoto, uso wa mpishi unakwenda na nyasi.

Kujua leya imeshika nini hasa, tunapandisha Hue hadi +180 na Saturation hadi +100 kwa muda. Picha inakuwa kichekesho, lakini kila kilichoshikwa kinawaka zambarau. Hapo tuliona kanga imewaka, na minazi imewaka. Kwa nambari peke yake huwezi kuitenganisha kanga na nyasi, kwa kuwa kompyuta inasoma rangi tu. Ilibidi tuchore maski, kile kifuniko kinachoizuia leya isiguse mahali fulani, kwa brashi, tuifiche kanga kabisa. Minazi tuliifunika kwa kijivu, ili ipate robo tu ya mabadiliko na kuonekana imeshika vumbi.

Mwanga hatukuuongeza kwa kitelezi cha Lightness. Ukitumia kile kwa rangi moja, nyasi huwa bapa kama zimepakwa chokaa, na vivuli baina ya majani hupotea. Tulitumia Curves, ule mstari unaoupinda kurekebisha mwanga, kwa maski ileile, tukapandisha sehemu ya kati na kuacha giza lilipo.

Kilichobaki kilikuwa kidogo lakini kinaumbua. Nyasi mbichi hurusha mwanga wa kijani juu, ukatua chini ya kidevu na kwenye nguo nyeupe. Nyasi zikishakauka, ule ukijani kidevuni hauna tena unakotoka. Tuliufuta kwa brashi laini, tukapunguza ukolevu wa kijani mahali pale peke yake.

Picha nne zilikubali. Ya tano tulimrudishia Bi pamoja na maelezo. Ilikuwa na mbuyu mkubwa uliosheheni majani, na mbuyu wakati wa kiangazi huwa mtupu, matawi kama mizizi iliyogeuzwa juu. Rangi haiwezi kupukutisha majani. Tungeugeuza manjano, mzaliwa yeyote wa huku angeona kasoro kabla hajasoma neno moja. Dimbwi la maji njiani lingekuwa na tatizo lilelile. Alikwenda kuipiga upya Januari, na ilikuwa shauri jema kuliko saa zozote ambazo tungemlipisha.

Ukitaka kazi kama hii, tuletee faili la RAW kutoka kwenye kamera, au JPEG halisi ya simu kwa kebo au kwa memori kadi. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, na rangi hubanwa zaidi kuliko mwanga, hivyo tukizivuta nyasi kwa digrii 32, pembezoni mwa majani hutokea vijisanduku. Na kama unayo hata picha moja ya mahali hapohapo iliyopigwa kiangazi, ya simu tu, njoo nayo. Ile ya Februari ndiyo iliyotupa 41, na bila yake tungekuwa tunakisia.