Hati imeshasoma jina langu, lakini nyumba bado ina watu

Ndugu mshauri wa sheria,

Nakuandikia nikiwa na siku 9 tu mkononi, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikienda moja kwa moja kwenye kiini cha shida yangu.

Mimi na mke wangu tumenunua nyumba hapa Nakuru kwa shilingi 6,800,000. Tulilipa amana ya asilimia 10, yaani 680,000, nayo inashikiliwa na wakili wa muuzaji. Salio la 6,120,000 liko kwa wakili wetu. Mkataba una kifungu kinachosema tutakabidhiwa nyumba ikiwa tupu, bila mtu wala mzigo, mara tu bei yote itakapolipwa. Mambo mengine yote yanafuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya ya 2015. Tulipewa siku 90 za kukamilisha.

Wakili wa muuzaji hakukubali kumpa wakili wetu hati ya uhamisho hivi hivi tu, akataka ahadi ya kitaaluma. Wakili wetu aliandika na kutia sahihi kwamba salio litalipwa ndani ya siku 14 baada ya uhamisho kusajiliwa. Nililipa ushuru wa stempu, asilimia 4, shilingi 272,000. Jumanne ya wiki jana usajili ukakamilika na hati ikatoka kwa majina yetu mawili. Mama watoto alilia kwa furaha.

Ijumaa nikaenda kupima madirisha ya mapazia. Nyumba kubwa ni tupu kweli, hata imefagiliwa. Lakini nyuma, kwenye vile vyumba viwili vya kando ya tangi, nikakuta nepi zimeanikwa kwenye kamba na sufuria ya maharagwe inachemka kwenye jiko la makaa. Mama mmoja kijana akatoka, akanisalimia vizuri, akanikaribisha kiti. Nikamwuliza anahama lini. Akashangaa. Akanionyesha kwenye simu ujumbe wa malipo: amemlipa muuzaji kodi ya miezi 6 kwa mpigo, 5,500 kila mwezi, na miezi 4 bado haijaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba imeuzwa.

Kwenye stoo, ambayo mke wangu alipanga kuigeuza kuwa chumba cha cherehani zake, mabati na mbao zimepangwa hadi kwenye dari. Na pale pa kuegesha gari pamesimama bodi ya matatu isiyo na injini, juu ya mawe, kuku wanataga ndani.

Nilimpigia muuzaji. Alinijibu kwa upole tu: "Ndugu yangu, nilipe kwanza, kisha hayo mengine tutayapanga. Yule mama ni mtu mzuri, utaendelea kuchukua kodi yake." Nilimwomba aniandikie maneno hayo, naye akayaandika kwenye ujumbe wa simu. Nimeuhifadhi.

Hapa ndipo nilipokwama. Nilifikiri mnunuzi ambaye bado ana pesa ndiye mwenye nguvu. Wakili wangu akanifumbua macho: ile ahadi aliyoitoa imefungwa kwenye usajili, haikufungwa kwenye funguo. Usajili umeshafanyika. Siku ya 14 ikipita bila kulipa, anaweza kushtakiwa yeye binafsi Mahakama Kuu chini ya Amri ya 52 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, na mahakama haitajali kwamba mteja wake amekuta kuku ndani ya matatu. Huyu dada ametuhudumia kwa uaminifu. Siwezi kumtosa.

Nikamwuliza kuhusu ile notisi ya kukamilisha ya siku 21, inayompa aliyekiuka mkataba nafasi ya mwisho ya kutimiza wajibu wake. Akasema hesabu haikubali: tukiitoa leo, siku 21 zitaisha wakati muda wa ahadi umeshapita. Na kuna hoja nyingine ambayo muuzaji ataishika: mkataba unasema nitakabidhiwa nyumba nikishalipa, nami sijalipa, basi yeye amekosea wapi? Jibu letu ni kwamba ameshajiondolea uwezo wa kutimiza. Kodi ya miezi 4 ijayo ameshaila, na ujumbe wake unaonyesha hana nia ya kumwondoa mtu.

Kuhusu yule mama, nimeambiwa nisithubutu kubadilisha kufuli. Yeye ni mpangaji halali. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinalinda upangaji mfupi kama wake hata kama haujaandikwa kwenye hati, ndiyo maana upekuzi tulioufanya kwenye msajili haukuonyesha lolote. Kosa ni letu: tulipekua daftari, hatukubisha hodi nyuma. Ile notisi ya miezi 3 ya kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi, inayopelekwa pia kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi, ni ya mtu aliyekaa bila ruhusa. Huyu alipewa ruhusa, tena amelipa. Na kwa kweli sitaki mtoto wa nepi atolewe nje kwa sababu ya uongo wa mtu mwingine.

Mabati na bodi ya matatu ni mali ya muuzaji bado. Nikiziuza au kuzitupa, anaweza kunidai. Wakili alinitajia kesi ya Uingereza ya 1946 ambapo muuzaji aliacha mifuko ya saruji iliyoganda kwenye vyumba vya chini vya ghala. Mahakama ya Rufaa ilisema kuacha mizigo inayozuia matumizi ya sehemu kubwa ya jengo ni kutoikabidhi tupu, na muuzaji alilipa fidia. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila inaweza kuzishawishi. Viti viwili vibovu visingetosha. Stoo nzima na maegesho nadhani vinatosha.

Sitaki kuvunja mkataba na kurudishiwa amana. Hati ni yangu, ushuru nimeshalipa, na nyumba tunaipenda. Wazo la wakili wangu ni kumwandikia mwenzake leo akubali, kwa maandishi, kwamba tulipe 5,720,000 na 400,000 zibaki kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wawili hadi vyumba na stoo vitakapokuwa tupu. Nimepiga hesabu hivi: kodi ninayolipa sasa ni 25,000, kwa miezi 6 ni 150,000, lori na vibarua 35,000, gharama za kesi kama 150,000, zinazobaki ni za dharura. Wakili wa muuzaji akikataa, njia mbili zinabaki: kulipa yote huku tukiandika kwamba hatujaachilia haki yetu, kisha kudai fidia kwa hakimu mkuu, ambaye kiwango chake cha milioni 20 kinatutosha, au kukimbilia mahakamani kabla ya siku ya 14 kuomba salio liwekwe huko.

Naomba unijibu haya. Je, mahakama inaweza kweli kusimamisha malipo yaliyoahidiwa na wakili kwa sababu ya kosa la muuzaji, au nitapoteza pesa na siku? Nikilipa yote, je, muuzaji ataweza kusema nimeikubali nyumba jinsi ilivyo, ingawa nimeandika barua ya kupinga? Na kodi ya ile miezi 4, ambayo sasa mwenye nyumba ni mimi, naweza kuikata kwenye salio au lazima niidai kando?

Mama yule nimemwahidi nitarudi Jumamosi nikiwa na jibu.

Mnunuzi, Nakuru